Imeili ninazoziona kwa simu asubuhi, kesho yake hazipo: POP, IMAP na laptopu inayobeba kila kitu

*"Fundi habari. Nafanya kazi ya kliaring hapa Busia upande wa Uganda. Ofisi ina imeili moja tu, siyo ya Gmail, ni ile ya jina la kampuni, naisoma kwa simu, laptopu na tableti. Shida ni kwamba imeili nilizoziona kwa simu asubuhi, nikishafungua laptopu jioni, kesho yake kwa simu na tableti zimepotea. Halafu zile nilizojibu kwa simu hazionekani kwa laptopu. Kijana mmoja ameniambia ni virusi, mwingine anasema nitoe POP niweke IMAP, mimi sijui hata ni nini na naogopa kupoteza makaratasi ya wateja. Nifanye nini?"*

Dada yangu, imeili zako hazijapotea, ziko ndani ya hiyo laptopu, na kabla hujaendelea kusoma nakuomba kitu kimoja tu: usiifomati, usimpe mtu "aisafishe virusi", na usifute akaunti yoyote ndani yake mpaka umalize maelezo haya, kwa sababu kwa hivi ulivyoeleza kuna uwezekano mkubwa laptopu hiyo ndiyo mahali pekee duniani barua zako za zamani zilipo.

Siyo virusi. Dalili zako mbili ukiziweka pamoja zinasema kitu kimoja wazi kabisa: simu na tableti zako zinatumia IMAP, laptopu inatumia POP. Watu wengi hudhani POP au IMAP ni aina ya imeili, kwamba sanduku lako ni la POP au ni la IMAP, kumbe sanduku ni lile lile moja, na kila kifaa kinachagua chenyewe njia ya kuliendea. Ndiyo maana vifaa viwili vinaweza kuwa na adabu na cha tatu kinabeba kila kitu kinaondoka nacho.

Chukulia lile sanduku la posta la ofisi, lenye namba na ufunguo. Barua zinafika pale, zinakaa pale. Kompyuta ya kampuni inayowauzia ile huduma ya imeili ndiyo posta yenyewe, tunaiita seva, na iko macho usiku na mchana hata kama vifaa vyako vyote vimezimwa. Sasa POP, ambayo jina lake lenyewe lina neno posta ndani yake, ni kijana anayetumwa na ufunguo: anafungua sanduku, anabeba barua zote mpaka ofisini, anaacha sanduku tupu. Ofisini barua zipo, salama, unazisoma hata mtandao ukiwa haupo. Lakini mwenzako akienda posta na ufunguo wa pili anakuta hewa. IMAP yeye habebi. Anasimama pale pale posta, anasoma barua ndani ya sanduku, akimaliza anaiacha imewekwa alama kwamba imesomwa, na anayekuja baada yake anaikuta na alama yake.

POP siyo mbaya wala haijaharibika, ilitengenezwa kwa maisha mengine. Ilianza mwaka 1984, mtu ana kompyuta moja tu, mtandao anaupata kwa kupiga simu na kila dakika analipia, na seva haina nafasi ya kuhifadhi barua za watu. Kwa hali hiyo ukiingia, ukabeba, ukakata simu, umefanya jambo la busara. IMAP ilifuata mwaka 1986, ikatengenezwa na Mark Crispin pale Stanford, na wazo lake lilikuwa tofauti tangu mwanzo: barua zibaki seva, mtu azifikie kutoka kompyuta yoyote aliyokaa. Wewe una vifaa vitatu, kwa hiyo maisha yako ni ya huyu wa pili.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu, maana ukiona maneno yenyewe ambayo laptopu yako inaiambia seva kila jioni utaelewa zaidi kuliko mifano ya posta. Laptopu ikishaingia kwa jina lako na paswedi, inaongea hivi:

```
RETR 1
DELE 1
QUIT
```

Mstari wa kwanza ni nipe barua namba 1. Wa pili ni futa barua namba 1. Wa tatu ni kwaheri. Na seva inafuta kweli pale tu inaposikia kwaheri, siyo kabla, ndiyo maana mtandao ukikatika katikati kabla ya huo mstari wa mwisho, barua inabaki seva na wakati mwingine inateremka tena mara ya pili unaiona mara mbili kwa laptopu. Kama umewahi kuona invoisi moja imekuja mara mbili siku ambayo mtandao ulikuwa unasumbua, inawezekana sababu ni hiyo, siyo mteja aliyetuma mara mbili.

Na kitu kingine cha kuangalia hapo: lugha ya POP ni fupi mno. Haina neno la "hii imesomwa", haina neno la "hii nimeijibu", haina neno la folda. Inajua inboksi tu. Kwa hiyo yale majibu uliyoandika kwa simu, ambayo simu imeyaweka kwa folda ya Sent kule kule seva, laptopu haiwezi kuyaona, siyo kwamba inakataa, haina hata njia ya kuyauliza. Na uliyotuma kutoka laptopu yanakaa ndani ya laptopu peke yake, simu haitayaona milele. Hiyo ndiyo dalili yako ya pili.

IMAP inaongea zaidi. Ukigusa barua kwa simu ukaisoma, simu inaiambia seva kitu kama hiki:

```
STORE 1 +FLAGS (\Seen)
```

yaani hiyo barua namba 1 iwekee alama ya kusomwa. Alama inakaa seva, siyo kwa simu, na tableti ikifunguliwa inaikuta. Vivyo hivyo kujibu, kuweka nyota, kuhamisha kwenye folda ya "Mombasa" au ya mteja fulani. Kila kifaa kinaangalia kitu kimoja.

Sasa usiamini maneno yangu tu, jaribu mwenyewe, ni dakika 10. Zima laptopu kabisa. Chukua simu ya mtu mwingine, atume imeili kwako iandikwe "jaribio". Halafu ingia kwenye sanduku lako kwa brauza, ile njia inayoitwa Webmail, kampuni iliyowauzia imeili itakupa anwani yake kama huna. Webmail ni muhimu kuijua kwa sababu pale unaangalia ndani ya seva moja kwa moja bila kupitia programu ya kifaa chochote, kilichopo pale ndicho kilichopo posta, na kisichopo hakipo. Utaiona "jaribio" imekaa. Sasa washa laptopu, fungua programu ya imeili, acha ipokee. Rudi kwenye Webmail ufungue ukurasa upya. Kama "jaribio" imeondoka, umemkuta anayebeba.

Kuhakikisha kwa macho: kama laptopu inatumia Outlook ile ya zamani, nenda File, kisha Account Settings, kisha tena Account Settings, utaona orodha ya akaunti na kwenye safu ya Type itakuwa imeandikwa POP/SMTP. Kama ni Thunderbird, fungua Account Settings, bofya Server Settings, itakuwa imeandikwa POP Mail Server. Hata namba ya poti inakuambia: 995 au 110 ni POP, 993 au 143 ni IMAP.

Hapo mtu anaweza kuuliza, mbona wengine wana POP na barua hazipotei? Ni kwa sababu kuna kisanduku kimoja cha tiki kinaitwa Leave a copy of messages on the server, Thunderbird wao wanaandika Leave messages on server. Kikiwa na tiki, kijana wa posta anapiga fotokopi na kuacha barua pale. Siku hizi programu nyingi zinakuja na tiki tayari, mara nyingi na masharti ya siku 14 halafu zinafuta. Kwako zinapotea siku ile ile, kwa hiyo mtu alitoa hiyo tiki, na mimi nikiona hivyo swali langu la kwanza ni hili: kuna siku sanduku lilijaa, wateja wakaanza kulalamika imeili zao zinarudi, akaitwa kijana akasema amerekebisha? Kutoa tiki ndiyo njia ya haraka ya kupunguza sanduku lililojaa. Kama ilikuwa hivyo, kumbuka, kwa sababu shida ya nafasi itakurudia ukienda IMAP na nitaifikia hapo chini.

Cha kufanya leo leo, hata kabla ya kuamua lolote, ni kurudisha hiyo tiki na kama kuna sehemu ya Remove from server after, ipe siku 30. Hiyo peke yake inazuia barua mpya kutoweka kwa simu na tableti. Za zamani hazitarudi seva zenyewe, lakini angalau kuanzia leo hakuna inayobebwa.

Baada ya hapo ndiyo tunahamia IMAP, na hapa nataka twende taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza vitu vyao. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mteja Kampala, ana duka la kuchapisha pale Nasser Road, laptopu yake kama yako, POP bila tiki, miaka minne ya oda za wateja. Tulikubaliana nije Jumatatu nihamishe. Ijumaa laptopu ikaibiwa ndani ya taksi. Nilipofungua Webmail yake nilikuta barua 11 tu, zile zilizoingia tangu wizi, na miaka minne hakuna mahali popote. Yule mama alikaa akaandika upya majina ya wateja kwa kichwa. Tangu hapo kazi hii siianzi kwa kuhamisha, naianza kwa bekapu, na siku ile ile ninapopigiwa simu.

Kwa Outlook ya zamani barua zako zote ziko ndani ya faili moja inayoishia na .pst, kawaida iko ndani ya Documents, folda inaitwa Outlook Files. Funga Outlook kwanza kabisa, usikopi ikiwa imefunguka. Halafu kopi hiyo faili kwa hadi diski ya nje. Wengi wanajaribu kwa fleshi na fleshi inakataa, wanasema imejaa na wao wanaona ina nafasi, kumbe fleshi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 ambayo haiwezi kubeba faili moja iliyozidi GB 4 hata fleshi ikiwa ya GB 64. Dawa ni kuifomati iwe exFAT, ila kumbuka kufomati kunafuta kilichomo. Ukishakopi, linganisha ukubwa wa faili mbili, ile ya laptopu na ile ya nje, ziwe sawa. Kama unatumia Thunderbird, unakopi folda nzima ya Profiles badala ya faili moja.

Kitu cha pili, piga simu kwa waliowauzia imeili uwaulize mambo mawili: jina la seva na poti zake za IMAP na SMTP, na sanduku lako lina nafasi ya GB ngapi. Majibu yao yatafanana na haya, ila jina litakuwa la kwenu:

```
IMAP  mail.example.com  993  SSL/TLS
SMTP  mail.example.com  465  SSL/TLS
```

SMTP ni njia ya kutuma tu, haina uhusiano na ugomvi wa POP na IMAP, lakini bila yake utapokea bila kuweza kujibu. Wengine watakupa 587 na STARTTLS badala ya 465, nayo ni sawa.

Kuna kosa kubwa hapa. Watu hutafuta mahali pa kubonyeza POP igeuke IMAP, na hakuna, Outlook na Thunderbird zote mbili hazigeuzi akaunti. Unaongeza akaunti mpya ya IMAP pembeni ya ile ya zamani, anwani ile ile, paswedi ile ile, zinakaa mbili kwa muda. Asijitokeze mtu akakwambia ufute ya POP kwanza ndiyo uweke ya IMAP. Thunderbird ukiongeza anwani itakuuliza yenyewe kama unataka IMAP au POP3, chagua IMAP. Outlook nyingine zinalalamika kwamba anwani hiyo ipo tayari, hapo unaifunga, unaenda Control Panel, unafungua Mail, na kutoka hapo unaongeza akaunti kwa mkono. Halafu akaunti ya zamani iambie isipokee tena yenyewe: Thunderbird ni kutoa tiki mbili ndani ya Server Settings, ile ya kuangalia barua inapofunguka na ile ya kuangalia kila baada ya dakika kadhaa, Outlook ni kuitoa kwenye Send/Receive Groups.

Sasa upande wa kushoto utaona masanduku mawili. La juu ni la zamani, limejaa miaka yako, linaishi kwa laptopu. La chini ni la IMAP, lina barua chache, linaishi seva. Barua ukiikopi kutoka la juu kwenda la chini, inapanda seva na dakika chache baadaye unaiona kwa simu. Hiyo ndiyo njia ya kurudisha barua zako za zamani, kopi, siyo kuhamisha, ili kitu kikikwama nusu njia ya zamani ibaki ilipokuwa.

Lakini usikopi zote. Hapa ndipo ile nafasi inapoingia. Tuseme laptopu ina barua za GB 6 na sanduku lako seva ni GB 2. Ukizisukuma zote litajaa kabla hujafika hata nusu, na sanduku likijaa wateja wako wakituma wanarudishiwa ujumbe kwamba mailbox is full, na katika kazi yako wewe, lori limesimama mpakani linasubiri karatasi, hiyo siyo shida ndogo. Kwa hiyo chagua. Unahitaji nini kwa simu ukiwa uko kwa parking ya malori? Labda faili za miezi 6 iliyopita, na wateja watatu wanne wa kudumu. Tuseme hizo ni GB 1. Zikopi kwa mafungu ya barua 200 au 300, subiri fungu limalize, hesabu idadi ndani ya Webmail ilingane na ya laptopu, ndiyo uendelee. Zile nyingine GB 5 zinabaki kwa laptopu na bekapu yake nje, ukizihitaji unazitafuta pale pale.

Hesabu na muda pia, maana kupandisha ni polepole kuliko kuteremsha. GB 1 kwa mtandao unaopandisha Mbps 2 ni kama saa 1 na dakika 7 kama hakuna kukwama, na kukwama kutakuwepo. Fanya mahali penye waifai nzuri, usitumie bando la simu.

Na hapo kwa bando, kuna uvumi kwamba IMAP inakula data kuliko POP. Kwa simu ni kinyume mara nyingi. POP kawaida inabeba barua nzima na atachimenti zake zote hata kama ile PDF ya MB 8 huna shida nayo. IMAP inaweza kuleta kwanza nani ametuma, kichwa cha habari, maandishi kidogo, na atachimenti inakuja ukiigusa. Ila ukiifungua kwa simu na ukaifungua tena kwa tableti umeiteremsha mara mbili, hilo ni kweli. Na laptopu nayo siku ya kwanza itataka kuteremsha kila kilichopo seva ili usome hata bila mtandao, kwa hiyo siku hiyo iwe kwa waifai.

Kwa simu na tableti sidhani una kazi ya kufanya, lakini hakikisha. Ndani ya apu ya Gmail kwa Android, wakati wa kuongeza anwani ya nje inakuuliza Personal (POP3) au Personal (IMAP), na iPhone inakuonyesha IMAP na POP juu ya fomu. Ukikuta kifaa kimoja kiliwekwa POP, hakigeuki, unakiondoa akaunti na kuiweka upya kama IMAP, ila ondoa tu baada ya kuona kwa Webmail kwamba barua zake zipo seva.

Kuna kasoro moja ndogo itakusumbua wiki ya kwanza: barua ulizotuma. Simu inaweka kwa folda inaitwa Sent, laptopu inaweza kuamua kuweka kwa Sent Items, unaona folda mbili na kila moja ina nusu. Hazijapotea, zote ziko seva. Ndani ya Thunderbird nenda Copies & Folders uielekeze kwenye ile inayotumiwa na simu, iPhone ni kwenye Advanced, Sent Mailbox. Ukishalinganisha zinakuwa kitu kimoja.

Nisikufiche na upande wa pili wa IMAP. Kwa kuwa wote mnaangalia sanduku moja, ukifuta umefuta kila mahali. Mtoto akicheza na tableti jioni akafuta barua tatu, kwa laptopu zimeondoka pia. Zitakuwa kwa Trash kwa muda, na seva nyingine zinaisafisha Trash zenyewe baada ya siku kadhaa, waulize wenu ni siku ngapi. Kwa hiyo IMAP siyo bekapu. Wengi wakishahamia wanadhani sasa ziko salama kwa sababu ziko vifaa vitatu, kumbe ni barua moja inayoonekana madirisha matatu. Mara moja kwa mwezi kopi barua za muhimu kutoka sanduku la IMAP kwenda lile la zamani la laptopu, halafu kopi faili ya .pst kwenda hadi diski, na hadi diski isilale kwenye begi moja na laptopu.

Je, kuna mtu ambaye POP inamfaa? Yupo. Mtu mwenye kompyuta moja tu, mtandao wa kubahatisha, na sanduku dogo la MB 200 lisiloongezeka, POP inamfaa na simbadilishi. Na hata kwako kuna njia ya katikati ambayo kuna wateja nimewaachia: simu na tableti IMAP, laptopu POP yenye tiki ya kuacha barua siku 30. Simu zinaona mwezi mmoja, laptopu inajikusanyia kila kitu, sanduku halijai. Hasara yake ni kwamba za kutuma bado zimetengana, itabidi kila unapojibu kwa simu ujiwekee nakala kwa Bcc ili na laptopu iipate kupitia inboksi, na barua unayoifuta au kuisoma upande mmoja haijulikani upande wa pili. Kwa mtu anayejibu wateja akiwa barabarani kama wewe, mimi ningekwenda IMAP na kama nafasi ni ndogo ningewaomba wale waliowauzia waniongezee.

Sasa kuna mambo matatu yakitokea acha kufanya mwenyewe, beba laptopu uende kwa fundi unayemwamini ukae naye pale pale. La kwanza, Outlook ikisema faili ya .pst imeharibika au haifunguki, usijaribu programu za kurekebisha ulizozikuta mtandaoni, kopi faili kwanza ndiyo mtu aguse nakala. La pili, laptopu ikianza kutoa sauti ya kugonga gonga au kukwama unapokopi, izime, hiyo inaweza kuwa diski inakufa na kila dakika unayoiwasha unapunguza kinachookoleka.

La tatu ndilo ninalotaka ulichukulie kwa uzito zaidi: kama katika lile jaribio imeili inaondoka Webmail wakati laptopu imezimwa siku nzima, basi mbebaji siyo laptopu yako. Inaweza kuwa ni kompyuta ya zamani ya ofisi mliyomuuzia mtu ikiwa bado ina paswedi, na inaweza kuwa mtu ameingia. Badilisha paswedi muda huo huo ukitumia kifaa unachokiamini, kisha ndani ya Webmail tafuta sehemu ya Forwarders na ya Filters uone kama kuna anwani usiyoijua inatumiwa nakala au kanuni inayoficha barua. Wezi wa imeili hupenda sana biashara zenye invoisi kubwa kama zenu, wanakaa kimya wakisoma, halafu siku ya malipo wanamtumia mteja namba nyingine ya benki kwa jina lako. Ukikuta kitu kama hicho, wapigie wateja wako kwa simu, siyo kwa imeili, uwaambie wasilipe kwa akaunti mpya yoyote, halafu ndiyo umtafute fundi na polisi.

Kama ni laptopu tu, ambavyo nadhani ndivyo, ukimaliza rudia lile jaribio kwa njia nyingine: tuma imeili kutoka simu, uione kwa Sent ya laptopu, soma moja kwa tableti, uione imesomwa kwa simu, weka moja kwenye folda mpya kwa laptopu, uione hiyo folda kwa tableti. Zikikubali zote tatu umehama. Akaunti ya POP ya zamani iache imekaa hapo hapo kwa laptopu, haipokei lakini ina miaka yako ndani, na kwa Outlook usije ukaifuta faili yake kwa kudhani ni takataka ya akaunti isiyotumika.